Genge la mboga kabla ya masika

Masika ya Dar es Salaam huanza Machi na kuisha Mei, na Aprili ndio mwezi wenye mvua nyingi zaidi. Kwa mwenye genge la nyanya, vitunguu na viazi kando ya barabara, maandalizi ya miezi hiyo hufanywa Januari na Februari, biashara ikiwa bado inatembea na fedha ya kuyagharamia inapatikana.

Kazi ya kwanza ni paa. Adui mkubwa wa turubai ni maji yanayotuama juu yake: dimbwi la mita 1 kwa mita 1, lenye kina cha sentimita 10 tu, lina uzito wa kilo 100, na nguzo za mirunda haziwezi kuubeba kwa muda mrefu. Kwa hiyo turubai lisilale bapa. Genge lenye kina cha mita 2 linahitaji nguzo za mbele zizidi za nyuma kwa nusu mita hivi, ili maji yakimbilie nyuma, kwenye mtaro na si kwenye bidhaa za jirani. Pembe zifungwe kwa mipira iliyokatwa kutoka tyubu kuukuu, maana mpira huvutika upepo ukivuma na kurudi, ilhali kamba kavu huchana matundu ya turubai. Mbele paa litokeze kiasi cha mteja kusimama bila kulowa. Kadiri Aprili inavyosonga upepo wa kusi huanza kushika, hivyo upande wa kusini ndio wa kuzibwa kwa nailoni. Kuziba pande zote ni kosa: joto na unyevu hubaki ndani, na nyanya huoza haraka kuliko kama zingerushiwa manyunyu kidogo. Chini, magunia yakae juu ya chaga zilizoinuliwa kupita kimo ambacho maji ya mtaro yalifikia masika yaliyopita. Alama ya tope kwenye ukuta au nguzo ya jirani hukionyesha.

Bidhaa nazo hubadilika. Mvua huleta ukungu mashambani na kuharibu barabara za kufika huko, kwa hiyo tenga la nyanya hupanda bei wakati uleule ambao nyanya zenyewe hazikai. Ni busara kugawana tenga moja na mwenye genge jirani, kuchagua zinazoanza tu kuwa nyekundu, na kuzipanga kwa tabaka zisizozidi mbili. Harufu ya uchachu au unyevu chini ya tenga ni dalili kwamba moja imepasuka. Isipotolewa siku hiyo, huambukiza zilizoigusa. Vitunguu vitandazwe vipate hewa, na chenye shingo laini kiuzwe kwanza. Nafasi iliyopungua kwenye nyanya ijazwe na vitu visivyooza upesi: nazi, tangawizi, maharage na unga kwenye ndoo zenye mfuniko. Mteja wa siku ya mvua hataki kuvuka madimbwi mpaka sokoni. Anatafuta mboga ya jioni hiyo na kitu cha kuisindikiza, hapohapo mtaani.

Sehemu inayoumiza zaidi ni gharama za siku zisizouza. Chukua genge ambalo mwenyewe hutoa kila siku shilingi 1,000 za mlinzi, 1,000 za usafi na ushuru, 3,000 za marejesho ya mkopo, 1,500 za nauli na 2,500 za chakula. Jumla ni 9,000. Ikiwa kila mauzo ya 1,000 huacha 250 baada ya kutoa bei ya kununulia, genge linahitaji kuuza 36,000 ili lisile mtaji. Siku ya mvua likiuza 20,000, linabakiza 5,000 na kupungukiwa 4,000.

Je, lifungwe? Mlinzi, ushuru na marejesho, yaani 5,000, hulipwa hata likifungwa. Kinachookolewa ni nauli na chakula cha genge, 4,000. Kwa hiyo kufungua kuna faida mradi mauzo yavuke 16,000, ingawa siku yenyewe ni ya hasara. Hesabu hii huvurugika nyanya zikioza: faida ya kila 1,000 ikishuka hadi 150, mauzo yaleyale ya 20,000 huacha 3,000 tu, na hapo ingekuwa nafuu kubaki nyumbani. Ndiyo maana asubuhi yenye wingu zito hupunguzwa manunuzi kabla ya kitu kingine chochote.

Masika yakiwa na siku 25 za namna hiyo, pengo ni 100,000. Akiba ya 2,000 kwa siku 50 za kazi za Januari na Februari hulifunika lote. Asiyeweza kuweka kiasi hicho azungumze na mkopeshaji mapema kuhusu kupunguziwa marejesho ya Aprili, kabla hajachelewesha hata moja.