Fahamu: Maoni ya "bei gani?" yanavyogeuzwa kuwa orodha ya wateja

Kugeuza maoni kuwa orodha ya wateja ni kazi ya kupitia maoni chini ya tangazo la mtandaoni, kuchagua yanayoonyesha nia ya kununua, na kuandika kila moja kwenye mstari wake katika jedwali ili muuzaji amfuatilie mhusika.

Yapi yanaingia?

Chukua tangazo la friji Kariakoo. "Nzuri sana" ni sifa tu, iache. "Bei gani?" inaingia. "Ya lita 200 mnatuma Mwanza?" ikae juu kabisa, maana huyo ameshataja ukubwa na mahali pa kupokelea mzigo.

Mstari una nini?

Tarehe, jina la akaunti, namba ya simu, bidhaa, mahali, muuzaji anayehusika, hatua iliyofikiwa, na maneno ya mteja kama alivyoyaandika. Maneno hayo yasifupishwe: muuzaji asiyejua kilichoulizwa humuuliza mteja upya, na mteja huchoka.

Kazi hukwama wapi?

Namba ya simu hupoteza sifuri ya mwanzo safu isipowekwa kuwa ya maandishi. Aliyeuliza mara mbili naye hupigiwa na wauzaji wawili. Majina ya akaunti yakiwa kwenye safu ya B, fomula hii huonyesha TRUE penye marudio:

```
=COUNTIF(B:B,B2)>1
```

Mwenye akaunti mbili, hata hivyo, fomula haimnasi.