Nguzo Moja, Vipimo Viwili

Mchoro wa msanifu majengo unaonyesha nguzo C3 ina milimita 200 kwa 400, imefichwa ndani ya ukuta. Wa mhandisi unasema 300 kwa 300. Mkandarasi akiuliza, "Tufuate upi?", huenda akajibiwa, "Fuata toleo jipya," ilhali yote mawili ni mapya.

Swali bora hutaja namba na toleo la kila mchoro, kisha: "Nguzo C3, ghorofa ya chini, iwe (A) 300 kwa 300, ikitokeza milimita 100 upande wa korido tu, au (B) 200 kwa 400, mhandisi akitoa mpangilio mpya wa nondo? Tunapendekeza A. Zege linamwagwa Alhamisi."

Maneno "upande wa korido" ndiyo husahaulika. Bila hayo, fundi anajua ukubwa lakini bado anabahatisha mahali pa kusimamisha mbao.