Kampeni kumi na mbili za duka moja

Tuseme lipo duka la viatu Kariakoo linalotumia Sh 60,000 kwa siku kusponsa matangazo Facebook na Instagram, ili wateja waandike WhatsApp. Mkaguzi akifungua Ads Manager anakuta kampeni 12, kila moja na seti yake ya matangazo na Sh 5,000 zake. Hakuna aliyepanga iwe hivyo. Kila mara mtu anapobonyeza Boost chini ya picha, mfumo huzaa kampeni mpya, na ile ya zamani mara nyingi hakuna anayekumbuka kuizima.

Kazi ya kwanza ni kuziandika zote kwenye jedwali: lengo, walengwa, bajeti, na fedha iliyotumika wiki iliyopita. Nakala hujitokeza hapo hapo. Tatu zinawatafuta wanawake wale wale wa Dar es Salaam, wa umri ule ule, kwa lengo lile lile. Wengi hudhani matangazo hayo yanapandishiana bei. Kwa maelezo ya Meta, sivyo: matangazo ya mwenye duka mmoja yakimfikia mtu yule yule, moja tu huingizwa mnadani. Dalili yake ni seti moja inayomaliza fedha huku pacha wake akitumia shilingi chache.

Malengo ndiyo yanayodanganya zaidi. Safu ya Cost per result humpa mwenye duka “matokeo” ya Sh 40 kwenye kampeni moja na ya Sh 2,500 kwenye nyingine, naye huifuta ile ya ghali. Kumbe ya kwanza inahesabu laiki, ya pili inahesabu mteja aliyeanza kuuliza bei. Mfumo huleta ulichoomba: ukiomba laiki, utatafutiwa watu wenye mazoea ya kulaiki.

Kisha bajeti. Meta husema seti ya matangazo huhitaji takriban matokeo 50 ndani ya siku saba ili itoke kwenye hatua ya kujifunza. Ikiwa mazungumzo moja yanagharimu Sh 2,500, basi Sh 5,000 huleta mawili kwa siku, yaani 14 kwa wiki. Ndiyo maana neno Learning limited limejaa kwenye safu ya Delivery. Zikiwa seti tatu za Sh 20,000, kila moja hupata mazungumzo manane kwa siku, 56 kwa wiki. Ya nne ingezirudisha zote chini ya 50.

Si kila kufanana ni nakala, lakini. Seti ya Mwanza, ambako mzigo husafirishwa kwa basi na bei ni nyingine, inastahili kubaki peke yake hata ikisuasua.

Kuunganisha nako kuna gharama: seti iliyobadilishwa bajeti au walengwa kwa kiasi kikubwa huanza kujifunza upya. Mkaguzi mzoefu hafanyi hivyo siku tatu kabla ya Idi, na akishafanya haigusi kwa wiki nzima, hata mwenye duka akipiga simu kila asubuhi.