Je, wajua kwa nini oda iliyolipwa husomeka "haijalipwa"?

Mteja wa Zinga, kwenye barabara ya kwenda Bagamoyo, anaagiza feni mtandaoni. Anaweka namba ya siri kwenye simu, fedha zinakatwa, SMS ya risiti inaingia. Dukani, oda yake bado imeandikwa "haijalipwa".

Habari za malipo hupita njia mbili. Mteja huarifiwa na mtandao wa simu. Duka huarifiwa na mfumo wa malipo, unaotuma taarifa kwenye anwani ya seva ya duka. Mafundi huiita webuhuki. Taarifa hii ya pili inaweza kupotea peke yake. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia sana. USSD haihitaji intaneti, hivyo siku kama hiyo mtu anaweza kulipa huku seva ya duka iliyoko Ulaya haifikiki. Siku za kawaida chanzo huwa kidogo zaidi: cheti cha usalama kimeisha muda, au anwani imebadilishwa na mfumo wa malipo haukuambiwa.

Kumbukumbu za seva husema ukweli. Ombi la `POST` lisipoonekana, taarifa haikufika. Likionekana na jibu `500`, ilifika na programu ya duka ndiyo iliyoshindwa.

Kosa baya kuliko yote ni kumwambia mteja alipe tena. Atakatwa mara mbili. Picha ya SMS nayo si ushahidi, kwa kuwa hughushiwa kirahisi. Anayepaswa kuulizwa ni mfumo wenyewe. Kwa mfano, katika Daraja, mfumo wa Safaricom wa Kenya unaounganisha programu na M-Pesa, kila ombi la malipo linalotumwa kwenye simu ya mteja hupewa `CheckoutRequestID`. Duka lililoihifadhi huitumia kuuliza. `ResultCode` ikiwa `0`, malipo yamekamilika. `1032`, mteja alighairi. Jibu likisema muamala bado unashughulikiwa, duka lisubiri na kuuliza tena, lisiifute oda.

Tuseme oda ni namba 418 na jibu ni `0`. Rekodi hurekebishwa kwa sharti:

```sql
UPDATE oda SET hali = 'imelipwa'
WHERE id = 418 AND hali = 'haijalipwa';
```

Sharti la mwisho ndilo kinga. Taarifa iliyochelewa inaweza kutua sekunde hiyo hiyo, na bila sharti feni mbili zingetumwa. Mstari mmoja ukibadilika, mzigo uandaliwe. Usipobadilika hata mmoja, taarifa nyingine imeshatangulia, basi programu iache.

Jibu hilo la Daraja halibebi namba ya risiti ya M-Pesa. Kwa hiyo duka lilinganishe oda na taarifa ya akaunti kila siku, kiasi kwa kiasi, na hifadhidata ikatae risiti moja kulipia oda mbili. Nawe mteja, uliyekatwa fedha na oda haijabadilika, usibonyeze "lipa" tena. Lipatie duka namba ya muamala iliyo kwenye SMS.