Picha ya Ujumbe wa Pesa Isiyokuwa na Neno

Wanachama wetu wengi wana jamaa zao Bara, na jamaa hao, kama sisi wenyewe, wamezoea kuweka na kutuma pesa kwa simu tangu M-Pesa ilipoanza Tanzania mwaka 2008. Sasa kuna jambo ambalo tumeona yafaa tulieleze katika kurasa hizi, maana limekwisha wafikia wanachama zaidi ya mmoja. Simu yalia, na ukiifungua waona picha ya ujumbe wa pesa, ile picha ya kioo cha simu ambayo vijana waita skrinishoti. Hapana salamu, hapana swali, hapana neno lolote. Aliyeileta amenyamaza, nawe wabaki kujiuliza anataka nini.

Kunyamaza huko kuna maana nyingi. Pengine mtu ana shaka na ujumbe lakini aona haya kuuliza. Pengine amefurahi, naye ataka ujue kwamba amepata pesa. Pengine amekwisha tuma pesa kwa mtu asiyemjua na sasa moyo wamwenda mbio. Picha ni ile ile moja, lakini jawabu linalofaa ni mbali mbali, na kwa hiyo haifai kujibu kabla ya kujua mwenzako amefika wapi.

Tutaeleza habari iliyompata mwanachama wetu mmoja wa Pemba, naye ameturuhusu kuieleza bila ya kutaja jina. Dada yake ameolewa na mkulima wa Matiri, wilaya ya Mbinga, mkoa wa Ruvuma. Mbinga, kama wengi wajuavyo, ni nchi ya kahawa, na mkulima wa kahawa yu sawa na sisi wa karafuu: apeleka mazao yake, kisha akaa akitazamia malipo. Usiku mmoja, baada ya sala ya isha, huyo shemeji alileta picha peke yake. Ndani yake mlikuwa na maneno haya, nasi tumeliondoa jina lililoandikwa:

"Imethibitishwa. Umepokea Tsh285,000.00 kutoka kwa ... Salio lako jipya la M-Pesa ni Tsh285,000.00."

Mwanachama wetu alitambua mara moja kwamba ujumbe ule si wa kweli. Lakini hakuandika "Umeibiwa!" wala hakuuliza "Kwani wewe hujui mambo haya?" Aliandika hivi: "Shikamoo shemeji. Picha nimeipata. Kabla ya yote, umeshatuma pesa yoyote, au umempa mtu namba yako ya siri?"

Twaomba wanachama walitazame vizuri swali hili, kwa kuwa ndilo lipasalo kutangulia. Ikiwa pesa haijatoka, hapana haja ya haraka, na mnaweza kuutazama ujumbe pamoja. Ikiwa imetoka, kila dakika ina thamani, na mazungumzo juu ya dalili yangoje. Tena ni swali ambalo mtu mzima aweza kulijibu bila ya kuvunjiwa heshima. Mtu akiambiwa kwanza kwamba amefanya upumbavu huficha lililobaki, na mara nyingi lililobaki ndilo kubwa.

Jawabu lilikuja: "Marahaba shemeji. Bado. Ila amenipigia mara tatu, asema alikosea namba, pesa ni ya mtoto yuko hospitali, nimrudishie upesi kwa namba nyingine."

Hapo mambo yalikuwa wazi. Mtu aliyebuni ujumbe ule alikuwa akimsukuma shemeji kwa simu wakati ule ule. Mwanachama wetu akaandika: "Vyema. Usitume kwanza, na akipiga tena usipokee. Piga mwenyewe *150*00#, utazame salio lako, kisha uniambie." Baada ya dakika chache akajibiwa: "6,300." Akauliza tena: "Na kabla ya ujumbe huu ulikuwa na ngapi?" Jawabu: "Hizo hizo."

"Basi pesa haijaingia, shemeji," akaandika. Neno la tapeli alilitamka shemeji mwenyewe, baada ya kimya kidogo.

Sasa tuutazame ule ujumbe. Dalili kubwa ilikuwa katika hesabu. Ujumbe wa kweli wa kupokea pesa hutoka katika mitambo ya kampuni, nayo yajua ulikuwa na kiasi gani. Kwa hiyo salio jipya ni lazima liwe salio la zamani pamoja na kilichoingia. Shemeji alikuwa na shilingi 6,300. Kama angelipokea 285,000, salio lingelikuwa 291,300. Tapeli hajui ulicho nacho mfukoni. Ama huliacha salio lisitajwe kabisa, ama hubahatisha, na huyu alibahatisha kwa kuandika kiasi kile kile alichodai kukituma, kana kwamba shemeji hakuwa na hata senti moja. Mtu yeyote mwenye kukumbuka salio lake aweza kuifanya hesabu hii, hata kama hakusoma sana.

Dalili ya pili iko juu kabisa ya kioo, mahali pa kuonyesha nani ameleta ujumbe. Ujumbe wa kampuni huja kwa jina la huduma. Ule wa shemeji ulikuja kutoka namba ya kawaida ya simu, yenye kuanza na 07, kama namba ya jirani yako. Lakini hapa twatoa tahadhari mbili. Ya kwanza, mara nyingi picha huletwa imekatwa juu, na sehemu hiyo haionekani. Basi mwombe mwenzako kwa upole akuletee picha nzima, au akusomee kilichoandikwa juu. Ya pili, wako wajanja wanaoweza kuleta ujumbe kwa jina la kughushi. Kwa hiyo namba ya kawaida ni dalili tosha ya uongo, lakini jina zuri si ushahidi tosha wa ukweli. Hakimu ni salio lenyewe, lililotazamwa na mwenye simu.

Na lazima alitazame kwa kupiga yeye mwenyewe namba ya huduma, si kwa kubonyeza chochote kilichomo katika ujumbe. Wenye Mixx by Yas hupiga *150*01#, wenye Airtel Money *150*60#, na wenye HaloPesa *150*88#. Namba ya siri huandikwa katika menyu uliyoifungua kwa mkono wako. Ikiwa kioo chataka namba ya siri nawe hukupiga kitu, funga. Pengine ni mtu mwingine anayengoja ukubali muamala wake.

Shemeji aliuliza jambo moja la maana sana: je, kama pesa ingelikuwa imeingia kweli, si ingekuwa haki kumrudishia mwenyewe? Ni haki irudi, lakini si kwa njia ile. Aliyekosea namba hupeleka shauri lake kwa kampuni, na kampuni huurudisha muamala kule kule ulikotoka. Ukituma wewe kwa namba nyingine uliyotajiwa kwa simu, umetoa pesa yako kumpa mtu usiyemjua, na muamala wa kwanza bado waweza kurudishwa na kampuni. Hapo utakuwa umelipa mara mbili. Jawabu la kumpa mtu wa namna hiyo ni fupi: "Wapigie kampuni, nami sitaigusa." Aliyekosea kweli hulikubali, hata kama atanung'unika. Tapeli hupandisha sauti.

Wako watakaosema kwamba shemeji ni mzembe kuamini ujumbe wa mtu asiyemjua. Sisi hatuoni hivyo. Matapeli hupeleka maneno yale yale kwa watu wengi bila ya kujua habari zao, na wengi huyapuuza. Lakini katika wengi hao hapakosi aliyeuza kahawa juma lililopita, au aliyepeleka karafuu katika kituo cha ZSTC, naye atazamia pesa. Kwa huyo, ujumbe wa pesa si ajabu. Kwa hiyo alipokuwa akimweleza dalili zile, mwanachama wetu hakuzimwaga zote kwa pamoja. Alianza na hesabu ya salio, akangoja, kisha akaonyesha namba iliyo juu. Mbili zilitosha. Mtu aliyeshtuka hasomi barua ndefu, na katika simu ndogo maneno mengi hupotea.

Jambo jingine alilolifanya ni kutoipeleka picha ile katika kundi la ukoo. Picha ina namba na salio la mtu, nayo ni siri yake. Tena picha ikitembea bila maneno, hufika kwa anayeiamini. Twakumbusha hapa kwamba picha si malipo hata kidogo. Wako wanunuzi wa ng'ombe na wa nazi wanaomwonyesha muuzaji picha ya "nimeshatuma" kisha wakaondoka na mali. Mwenye kuuza atazame salio lake kabla kamba ya ng'ombe haijatoka mkononi.

Na kama jawabu la swali la kwanza lingelikuwa "Nimeshatuma"? Hapo maneno yangekuwa haya tu: "Piga 100 sasa hivi, uwaambie huduma kwa wateja umetuma kiasi gani na kwa namba gani." Pesa ikiwa bado imo katika laini ya aliyepokea, kampuni yaweza kuizuia. Akishaitoa kwa wakala, matumaini ni madogo sana, na ni vyema kumwambia mtu ukweli huo bila ya kumtia tamaa. Baadaye aende polisi akaandikishe, akiwa na ujumbe wa muamala. Ikiwa ametoa namba ya siri, aibadilishe kwanza, hata kabla ya kupiga simu.

Asilifuate jina linalojitokeza pale anapotuma pesa, akadhani ndiye mwizi. Laini zote sharti zisajiliwe kwa alama za vidole, lakini laini nyingi za matapeli zimesajiliwa kwa majina ya watu wengine, ambao pengine hawana habari. Kila mwanachama aweza kupiga *106# aone namba ngapi zimeandikwa kwa kitambulisho chake.

Shemeji wa Matiri aliombwa asiufute ujumbe ule. Mamlaka ya Mawasiliano, yaani TCRA, imeweka namba 15040 ya kupokea habari za namna hii. Unaopelekwa huko ni ujumbe wenyewe, si picha yake, na kwa hiyo aliyepokea picha Pemba hawezi kumfanyia kazi hiyo mwenye simu aliyeko Mbinga. Shemeji aliupeleka yeye mwenyewe, akatakiwa kutaja namba iliyouleta, akaitaja. Kisha akaandika kuuliza kama karafuu za mwaka huu zimezaa vizuri.