Vitenzi Vitatu Vilivyokaa Pasipo Pake

Sentensi hii ni ya aina inayoonekana sana katika madaftari ya wanaojifunza Kiingereza: *The teacher said me to make my homework again because I did many mistakes.* Inaeleweka, ila vitenzi vyake vitatu vyote vimekosewa. Tuvikague kimoja kimoja.

Tuanze na *said*. Hapa Kiswahili chenyewe ni msaada. Kitenzi “ambia” hakikubali kukaa bila mtu anayeambiwa. Hatusemi “mwalimu aliambia nirudie”. Tunasema “aliniambia”, na ile “ni” katikati ndiyo mtu mwenyewe. Lakini “alisema” hujitosheleza. *Tell* hufuata njia ya “ambia”, na *say* njia ya “sema”. Basi rudisha sentensi yako kwenye Kiswahili. Ikija “aliniambia” au “aliwaambia”, andika *told me*, *told them*. Ikija “alisema kwamba”, andika *said that*. Ukitaka kumtaja msikilizaji baada ya *say*, tanguliza *to*: *She said hello to me.*

Kipimo hiki kina mtego mmoja. Sisi husema kweli na husema uongo, lakini Kiingereza hutaka *tell the truth* na *tell a lie*, hata asipotajwa mtu. Hayo hukaririwa.

Kwa *make* na *do*, sikio la Mswahili halisaidii, maana tunafanya kazi, tunafanya makosa na tunafanya mtihani kwa kitenzi kilekile. Jiulize swali jingine: kabla sijaanza, kitu hiki kilikuwapo? Kazi ya nyumbani ilikwisha kutolewa na mwalimu, inakungoja. Kwa hiyo *do homework*. Vyombo vichafu vimo karoni tayari. *Do the dishes*. Lakini kosa halikuwapo mpaka ulipolitenda, wala ahadi mpaka ulipoitoa, wala kelele mpaka ulipozipiga. Hivyo ni *make a mistake, make a promise, make a noise*, sawa na *make tea*, kwa kuwa chai huzaliwa sufuriani.

Swali hili nalo hushindwa mahali. Kitanda kilikuwapo tangu jana, na bado kukitandika ni *make the bed*. Fadhila haikuwapo kabla ya kutendwa, na bado ni *do a favour*. Ukiwa na shaka, fungua kamusi ya Kiingereza iliyoandikwa kwa wanafunzi, lakini usianze na *do* wala *make*, ambazo maelezo yake hujaza safu nzima. Tafuta nomino. Chini ya *mistake* au *favour*, mifano ya matumizi itakuonyesha kitenzi kinachoandamana nayo.

Sasa sentensi yetu inasomeka hivi: *The teacher told me to do my homework again because I made many mistakes.* Aliniambia, kwa hiyo *told*. Kazi ilikuwapo, kwa hiyo *do*. Makosa yalizaliwa na kalamu ya mwanafunzi, kwa hiyo *made*.