Barua ya Kumwacha Mchezaji

Mwaka 1998, kabla ya Kombe la Dunia la Ufaransa, kocha wa Uingereza Glenn Hoddle alikuwa na wachezaji 28 kambini La Manga, Hispania, na nafasi 22 tu. Aliwaita chumbani kwake mmoja mmoja kuwapa majibu. Paul Gascoigne alipojua kwamba ameachwa alipandwa na hasira akavunja vitu mle chumbani. Ikiwa nyota wa taifa aliyeelezwa ana kwa ana na kocha wake aliumia kiasi hicho, kijana wa miaka 16 anayesoma habari hiyo kwenye simu, peke yake, anastahili kuandikiwa kwa uangalifu mkubwa zaidi.

Kumwita mchezaji mkaongea bado ndiyo njia bora. Lakini mchujo wa wazi ukileta vijana 60 kutoka wilaya mbalimbali, na wengi wamesharudi makwao, barua pepe haikwepeki. Ina heri yake pia: anayeisoma analia bila kutazamwa na wenzake, na kesho yake anaweza kuirudia akaelewa alichoambiwa.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kuchelewesha habari. Kocha anaanza kwa kushukuru, anasifu nidhamu, anaeleza jinsi ushindani ulivyokuwa mkali, na neno lenyewe linakuja aya ya tatu. Kijana hasomi hivyo. Anaruka mistari akitafuta jina lake kwenye kikosi, na kila sifa anayokutana nayo inampandisha matumaini kabla hajaangushwa. Uamuzi ukae kwenye sentensi ya kwanza au ya pili, shukrani zifuate.

Tuchukue beki wa kulia aliyeachwa kwenye timu ya vijana chini ya miaka 17. Kichwa cha barua kiwe "Majibu ya mchujo wa kikosi", kisha:

"Habari za jioni. Nasikitika kukujulisha kwamba hukuchaguliwa kwenye kikosi cha msimu huu. Kwa upande wa beki wa kulia tulihitaji wachezaji wawili, na mlikuwa watano. Krosi zako zilikuwa nzuri katika mechi zote mbili za majaribio. Kilichotufanya tukuache ni kurudi kukaba: mara kadhaa ulipanda na mpira, ukaupoteza, na winga wao akabaki peke yake nyuma yako. Hilo linarekebishika kwa mazoezi, ingawa siwezi kukuahidi nafasi baadaye. Ukitaka tuzungumze, nipigie Jumamosi kati ya saa 4 asubuhi na saa 6 mchana. Asante kwa kuja na kujituma."

Sababu iliyotolewa ni moja, na ni kitu kilichoonekana uwanjani. "Hujafikia kiwango" haimwambii afanye nini kesho. "Huna moyo wa kupambana" ni mbaya zaidi, maana inahukumu utu wake. Hakuna pia mchezaji mwingine aliyetajwa. Ukiandika kwamba fulani ana kasi kuliko yeye, umeanzisha ugomvi kati ya vijana wanaokutana darasani kila siku.

Sentensi ya ahadi ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu mkono wa kocha mwenye huruma unataka kuandika "tutakuita hivi karibuni". Usiandike kama huna nia hiyo. Kijana ataikataa timu ya mtaani kwao, atakaa akisubiri simu, na msimu utapita. Kama kweli kuna mchujo mwingine, taja tarehe yake. Kama haupo, sema haupo.

Na kama sababu haikuwa uwezo? Umri umepita, au nafasi imejaa? Iseme hivyo hivyo, usitafute kasoro ya kiufundi ya kuifunika. Kijana anayeambiwa afanyie kazi mguu wa kushoto wakati tatizo ni tarehe yake ya kuzaliwa atapoteza miezi akitibu ugonjwa asiokuwa nao.

Kila mmoja apate barua yake, na kwa mtoto, mzazi au mlezi apewe nakala. Usitume asubuhi ya mtihani wala usiku wa manane. Tuma jioni, siku ambayo kesho yake unapokea simu, halafu ipokee kweli. Mzazi akipiga kwa ukali, msikilize amalize, kisha mweleze sababu ileile uliyoandika. Ukiongeza ya pili ili kumtuliza, ataamini ya kwanza ilikuwa uongo.

Orodha ya waliochaguliwa isiende kwenye kundi la WhatsApp wala ukutani mpaka barua za walioachwa ziwe zimetumwa na muda wa kuzisoma umepita. Makocha wenzangu, msimruhusu mchezaji wenu ajue ameachwa kwa kuona picha ya wenzake wakishangilia.